Suluhisho linalopotea tunapogawanya: kutenganisha vigeu kwa mfano wa tangi la maji

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, anayesomea uhandisi mwaka wa pili, alinijia nyumbani hapa Kisumu akiwa na daftari lake, akaniambia, "Mjomba, nimefuata kila hatua, lakini tangi langu linajaa lenyewe." Swali lake lilihusu tangi linalomwaga maji kupitia tundu la chini, na fomula aliyoipata ilionyesha kwamba tangi likishakauka, maji yanarudi polepole hadi kimo kilekile cha mwanzo. Nilipoipitia kazi yake sikuona kosa lolote katika kuintegreti. Kilichokosekana kilikuwa suluhisho moja ambalo aliliacha nyuma katika mstari wa pili, pale alipogawanya pande zote mbili kwa kitu ambacho kingeweza kuwa sifuri. Kosa hilohilo liliwahi kunila jioni nzima nilipokuwa mwanafunzi, nikitafuta alama ya kutoa ambayo haikuwa imepotea. Ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Andika mlinganyo katika umbo la zao

Milinganyo tunayoizungumzia ni ile ambayo kasi ya kubadilika kwa y ni zao la fankisheni ya x peke yake na fankisheni ya y peke yake:

```
dy/dx = f(x) · g(y)
```

Ikiwa huwezi kuufikisha mlinganyo wako katika umbo hili kwa kuweka pamoja vinavyofanana, njia hii haikufai.

Hatua ya 2: Kabla ya kugawanya, tafuta mahali g(y) ni sifuri

Tatua g(y) = 0 kwanza, na kila namba utakayoipata iandike pembeni mwa ukurasa ndani ya kisanduku. Ikiwa g(a) = 0, basi y = a ni suluhisho kamili, kwa sababu y isiyobadilika ina kasi ya sifuri upande wa kushoto, na upande wa kulia nao ni sifuri kwa kila x. Hakuna integrali inayohitajika. Ikiwa g(y) haina mzizi halisi, kama y² + 4, kisanduku kinabaki kitupu na hakuna kitakachopotea.

Wako wanaofundisha kwamba uchunguzi huu ufanywe mwishoni. Mimi siupendi mpangilio huo hata kidogo, kwa kuwa mwishoni g(y) imeshamezwa na logi na vipeo, na mwanafunzi aliyechoka haikumbuki tena. Vilevile nasisitiza kwamba mstari wa kugawanya uandikwe pamoja na sharti lake, g(y) ≠ 0, ili anayesoma ajue kwamba kila kinachofuata kinahusu masuluhisho yasiyogusa sifuri hiyo.

Hatua ya 3: Gawanya, integreti, kisha tenga y

Hatua hii mnaifahamu. Weka konstanti moja tu, upande wa x, na usiisahau.

Hatua ya 4: Rudi kwenye kisanduku

Sasa chukua kila suluhisho lililo kwenye kisanduku uulize kama fomula uliyoipata inaweza kulitoa kwa kuchagua konstanti inayofaa. Majibu yanayowezekana ni matatu, na kila moja linahitaji kushughulikiwa kivyake.

Jibu la kwanza ni kwamba linarudi lenyewe. Chukua dy/dx = 2x(y − 3). Kisanduku kina y = 3. Ukigawanya na kuintegreti unapata ln|y − 3| = x² + c, yaani y − 3 = A·e^(x²), ambapo A ni e^c au −e^c. Kwa kuwa e^c haiwezi kamwe kuwa sifuri, A inayotokana na hesabu hii nayo si sifuri. Hata hivyo, tukiruhusu A = 0 tunapata y = 3, ambalo tayari tunajua ni suluhisho, kwa hiyo tunaandika kwamba A ni namba yoyote halisi. Vitabu vingi hufanya hivi kimyakimya, na ndiyo sababu wanafunzi hudhani kwamba konstanti hurudisha kila kitu. Hairudishi.

Jibu la pili ni kwamba hakuna namba inayolirudisha, ingawa linapakana na mengine. Chukua dy/dx = y² − 4. Kisanduku kina y = 2 na y = −2. Ukiivunja 1/(y² − 4) kuwa tofauti ya sehemu mbili na kuintegreti, unafika hapa:

```
(y − 2)/(y + 2) = A·e^(4x)
```

A = 0 inatoa y = 2. Lakini y = −2 inafanya asili ya sehemu iliyo kushoto kuwa sifuri, na hakuna A itakayoikubali. Mwanafunzi akipewa sharti y(0) = −2, anaweka namba hizo kwenye fomula, anapata −4 juu ya sifuri, na mara nyingi anaandika kwamba suluhisho halipo, ilhali lipo kwenye kisanduku tangu hatua ya 2. Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachopotea hutegemea jinsi ulivyoandika. Kama ungeigeuza sehemu ile juu chini na kupata (y + 2)/(y − 2) = B·e^(−4x), basi B = 0 ingekurudishia y = −2, na y = 2 ndilo lingekosekana. Kwa hiyo usikariri ni lipi linalopotea. Jaribu kila moja dhidi ya fomula iliyo mbele yako, kisha andika jibu la mwisho kama fomula pamoja na lile lililobaki nje.

Jibu la tatu ndilo lililomsumbua binti wa dada yangu, na ndilo gumu zaidi: suluhisho halirudi kwa konstanti yoyote, na zaidi ya hapo masuluhisho mengine hulifikia na kujiunga nalo. Tangi lake lilikuwa la mcheduara, lenye maji ya kimo cha mita 1.44 juu ya tundu. Kanuni ya Torricelli, ya karne ya 17, inasema kwamba kasi ya maji yanayotoka inalingana na kipeuo cha pili cha kimo kilichobaki, kwa hiyo kimo h kinapungua hivi, wakati t ukipimwa kwa dakika:

```
dh/dt = −k·√h,   k = 0.06
```

Namba k inategemea eneo la tundu likilinganishwa na eneo la tangi, na kwa tangi la kipenyo cha mita 1 lenye tundu la kipenyo cha sentimita 2 thamani kama 0.06 ni ya kawaida. Ukiwa na tangi halisi ni bora uipime: kimo kikishuka kutoka sentimita 144 hadi 81 kwa dakika 10, kipeuo chake kimeshuka kutoka 1.2 hadi 0.9, na nusu ya k ni 0.03.

Kisanduku kina h = 0, tangi tupu. Tukigawanya kwa √h na kuintegreti tunapata 2√h = 2.4 − 0.06t, yaani:

```
√h = 1.2 − 0.03t
h  = (1.2 − 0.03t)²
```

Angalia mistari hii miwili kwa makini, kwa sababu kosa limejificha katikati yake. Mstari wa kwanza unakataa t yoyote inayozidi 40, kwani kipeuo cha pili hakiwezi kuwa hasi. Mstari wa pili, baada ya kupandisha kipeo, umelisahau katazo hilo, na unakubali kila t. Dakika ya 40 unatoa sifuri, kama inavyopasa, lakini dakika ya 80 unatoa mita 1.44, tangi limejaa tena. Hivyo makosa ni mawili yanayosaidiana: kugawanya kulitupotezea h = 0, na kupandisha kipeo kukatuletea tawi la uongo la kuchukua nafasi yake.

Jibu sahihi linaunganisha vipande viwili:

```
h = (1.2 − 0.03t)²   kwa 0 ≤ t ≤ 40
h = 0                kwa t > 40
```

Muungano huu ni halali kwa sababu dakika ya 40 vipande vyote viwili vina kimo cha sifuri na kasi ya sifuri, kwa hiyo grafu haivunjiki wala haina kona. Mlinganyo wenyewe, nao, ni makadirio: kimo kinapokaribia upana wa tundu maji hayatoki tena kwa mtiririko huo, na bomba refu lenye msuguano lingebadilisha k.

Je, utajuaje mapema kama suluhisho la kisandukuni ni la aina hii? Kipimo ninachokitumia ni kuintegreti 1/g(y) kutoka thamani ya mwanzo hadi kwenye mzizi wenyewe. Integrali ya 1/√h kutoka 1.44 hadi 0 ina ukubwa wa 2.4, namba yenye kikomo, na ukiigawanya kwa 0.06 unapata zile dakika 40. Maana yake ni kwamba suluhisho linaufikia mzizi ndani ya muda unaohesabika, na ni lazima uulize kinachofuata baadaye. Kwa y² − 4 integrali hiyo ni logi inayokua bila kikomo, kwa hiyo mzizi haufikiwi kamwe. Ukianza na y(0) = 0 unapata karibu −1.928 pale x = 1 na karibu −1.9987 pale x = 2, lakini −2 yenyewe haifikiwi, na hakuna cha kuunganisha.

Pale mzizi unapofikiwa, sharti moja halitoshi tena kulitambulisha suluhisho moja. Binti wa dada yangu aliniuliza, "Basi nikikuta tangi limekauka dakika ya 60, naweza kurudi nyuma kwa hesabu nijue lilikuwa na maji kiasi gani?" Hawezi. Tangi lililokauka dakika ya 40, la dakika ya 55 na lililokuwa tupu tangu mwanzo yote yanatimiza mlinganyo huo pamoja na sharti h(60) = 0. Nadharia inayohakikisha suluhisho la pekee inataka g isibadilike kwa ukali usio na mpaka karibu na mzizi, na grafu ya √h inasimama wima kabisa pale h = 0.

Hatua ya 5: Tumia sharti la mwanzo, kisha pachika

Linganisha sharti la mwanzo na kisanduku kabla ya kutafuta konstanti. Ikiwa thamani ya mwanzo imo kisandukuni na mzizi ule haufikiwi, jibu ni namba hiyo na umemaliza.

Kisha pachika jibu katika mlinganyo wa awali, si katika mstari uliopatikana baada ya kugawanya, na chagua thamani iliyo mbali na mwanzo. Kwa fomula ya tangi h = (1.2 − 0.03t)² ikitumiwa peke yake, dakika ya 50, upande wa kushoto ni 2 × (1.2 − 1.5) × (−0.03), yaani 0.018 chanya, ilhali upande wa kulia ni −0.06 × 0.3, yaani 0.018 hasi. Ukubwa ni uleule na alama zinapingana. Ukiona hali hiyo usitafute kosa katika kuintegreti kwako, bali rudi kwenye mstari uliopandisha kipeo na kwenye sharti uliloliandika ulipogawanya.