Kabla ya kupanda mahindi, soma milimita, siyo asilimia

Kwa tunaolima huku Mbeya: ukifungua programu ya hali ya hewa, sogeza kwanza alama ya mahali hadi shambani kwako. Ukiandika "Mbeya" tu unapewa mvua ya mjini, kwenye baridi ya mita 1,700, wakati shamba lako lipo chini Usangu. Kisha achana na asilimia, gusa siku moja moja ujumlishe milimita. Asilimia 80 ni uwezekano wa kunyesha tu, haisemi maji mangapi. Desemba iliyopita nilioneshwa 80 siku nne mfululizo, jirani akapanda. Mimi nilijumlisha: 2, 1, 3, 2. Milimita 8, yaani lita 8 kwa mita moja ya mraba. Zinaamsha mbegu halafu jua linaiua. Mimi husubiri milimita kama 25 ndani ya siku tatu, na wiki inayofuata isiwe kavu kabisa. Hata hapo natega kopo lenye pande zilizonyooka, napima kwa rula, kisha nachimba: unyevu usipofika kina cha kiganja, sipandi.

Programu hukosea kwenye mvua za radi za mchana, zinazopiga mlima mmoja na kuruka mwingine, na namba za zaidi ya wiki moja mbele ni za kubahatisha. Wakati wa kuanika maharage, geuza: hapo asilimia ndiyo ya kutazama, maana milimita 2 tu zinatosha kulowesha turubai zima.