Kupima pKa ya bromothaimoli buluu: anza na pale mikunjo inapokutana

Bromothaimoli buluu ina sura mbili, ya asidi yenye rangi ya njano na ya besi yenye rangi ya buluu. pH inapolingana na pKa, sura hizo huwa nusu kwa nusu. Jicho huona kijani tu; spektrofotomita hutupa uwiano wenyewe.

Hatua ya 1. Andaa chupa saba za ujazo wa mililita 25. Kila moja itie mililita 1 ya kiashiria cha asilimia 0.04 kwa pipeti ileile. Ya kwanza ijaze kwa KH₂PO₄ ya 0.1 M. Ya mwisho ijaze kwa Na₂HPO₄ ya 0.1 M na matone machache ya NaOH, pH ifike karibu 11. Tano za katikati zijaze kwa mchanganyiko wa fosfeti hizo mbili, pH kati ya 6.5 na 7.7. Chupa ya njano usiitie asidi kali, maana kiashiria hiki hugeuka chekundu na unakuwa na sura ya tatu usiyoihitaji.

Hatua ya 2. Pima pH ya kila chupa, kisha chora mkunjo wa ufyonzaji kuanzia nanomita 400 hadi 750.

Hatua ya 3. Kabla ya kukokotoa chochote, tazama karibu na nanomita 500. Mikunjo yote inapaswa kupita kwenye nukta moja, nukta ya isosbestiki. Hapo sura zote mbili hufyonza mwanga sawasawa, kwa hiyo molekuli ya njano ikigeuka buluu ufyonzaji haubadiliki. Unategemea jumla ya kiashiria peke yake.

Ndiyo maana mimi huitumia nukta hii kukagua pipeti. Tuseme mikunjo sita inasoma 0.120 hapo, ila chupa ya pH 6.90 inasoma 0.132. Chupa hiyo ina kiashiria cha ziada kwa asilimia 10. Lakini kwanza angalia nanomita 750, ambapo kiashiria hakifyonzi: kama mkunjo umeinuka hata huko, kosa ni kuveti chafu au myeyuko wenye ukungu. Mikunjo ikisogea kidogo kidogo kadiri pH inavyopanda, basi kuna sura ya tatu au kiashiria kinaharibika, na hesabu ya sura mbili haifai.

Hatua ya 4. Kokotoa kwenye nanomita 615, ambapo buluu hufyonza sana na njano karibu haifyonzi:

```
pKa = pH - log[(A - A_njano)/(A_buluu - A)]
```

A ni ufyonzaji wa chupa unayoikokotoa, A_njano ni wa chupa ya kwanza na A_buluu ni wa chupa ya mwisho. Chukua A_njano 0.006 na A_buluu 0.900. Chupa ya 6.90 ilisoma 0.396, ikatoa pKa 7.01. Chupa ya pH 7.30 ilisoma 0.564, ikatoa 7.08. Gawanya 0.396 kwa 1.10 upate 0.360, rudia hesabu, na chupa ya 6.90 nayo inatoa 7.08.

Thamani hii ni ya myeyuko wenye chumvi ya kiasi hiki. Ukizimua bafa, pKa nayo itasogea.