San Andreas imejaa modi na inakrashi ikikaribia GB 2? Ifungulie mpaka 4

Hii ni ya mliojaza San Andreas modi za daladala, barabara na tekscha za HD mpaka gemu inajizima ukiingia tu mjini. Kuna dogo wa Kirumba alikuwa anaenda kununua RAM nyingine wakati mashine yake ina GB 8, nikamwambia tunza hela yako. gta_sa.exe ni programu ya biti 32, na Windows huwa inaipa adresi za GB 2 tu, hata ungekuwa na RAM ya GB 64.

Kwanza pima. Task Manager itakudanganya, yenyewe haionyeshi adresi zilizochukuliwa. Shusha Process Explorer ya Microsoft, raiti kliki juu ya vichwa vya safu, Select Columns, Process Memory, weka tiki kwenye Virtual Size, halafu cheza gemu ikiwa kwenye dirisha ili uone namba inavyopanda. Kwa dogo ilipanda mpaka kama 1,950,000 K, chali. GB 2 kamili ni 2,097,152 K, ila huwa haifiki, kwa sababu tekscha kubwa inataka eneo moja lisilokatika, kama mtu anayetafuta kiwanja kikubwa Nyegezi akakuta vimebaki vipande vipande. Kama yako inakufa kwenye 900,000 K basi ishia hapa, una modi mbovu, hii dawa siyo yako.

Funga gemu, piga kopi ya gta_sa.exe uiweke pembeni. Kama una Visual Studio yenye zana za C++, fungua Developer Command Prompt, ingia kwenye folda ya gemu uandike:

```
editbin /LARGEADDRESSAWARE gta_sa.exe
dumpbin /headers gta_sa.exe
```

Amri ya kwanza inawasha alama moja tu kwenye kichwa cha faili, ya pili ni ya kuhakikisha, tafuta huu mstari:

```
Application can handle large (>2GB) addresses
```

Usipouona ujue haijashika, mara nyingi faili liko Program Files na hukufungua kwa Run as administrator.

Washa gemu urudi palepale ilipokuwa inafia. Ya dogo ilipita 2,600,000 K ikaendelea kutembea.

Hiyo GB 4 unaipata kwenye Windows ya biti 64. Ukiwa na ya biti 32 lazima uongeze hii kwa ruhusa ya admin kisha uwashe mashine upya, na mwisho wako ni GB 3:

```
bcdedit /set increaseuserva 3072
```

Mimi siipendi, inaibana Windows yenyewe na draiva ya kadi ya picha inaweza kuanza kusumbua.

Kingine, kuna modi za zamani za .asi zinazochanganyikiwa zikipewa adresi ya juu ya GB 2, kwa hiyo ukiona krashi mpya namba ikivuka tu 2,097,152 K, toa .asi moja moja mpaka umkamate. Na ukiverifai faili Steam inarudisha exe ya mwanzo, itabidi upige amri upya.