Somo: Kuanza mishororo kwa neno moja bila kumchosha msomaji

Washairi wenzangu, leo nachukua ubeti mmoja tu wa tarbia, mizani nane kwa nane, vina *di* na *ni*. Neno la kurudia ni "bado". Nimelichagua kwa sababu mbili: linakula mizani mbili tu, likaniachia sita za kusema jambo, na linamfanya msikilizaji ajiulize "bado nini?" Ukianza na "natamani" umeshatumia nusu ya ukwapi kabla hujasema kitu.

Kwanza niliandika hivi:

Bado mwana hajarudi, hajafika mlangoni
Bado hajapiga hodi, hajaingia chumbani
Bado hajaja Saidi, yungali huko mjini
Bado avunja ahadi, haonekani njiani

Vina vimekaa, mizani imetimia, lakini ubeti umesimama. Hamisha mshororo wa tatu uwe wa pili: hakuna kinachoharibika. Hicho ndicho kipimo changu. Mishororo ikihamika ovyo, neno linarudi lakini habari haisogei.

Hatua ya pili, niliacha mshororo wa kwanza utoe habari, kisha nikaipa kila "bado" kitu kipya cha kuonekana kwa macho. Pia nilibadilisha kinachofuata neno lenyewe: mara kitenzi, mara nomino, ili sikio lisizoee "bado haja-, bado haja-". Hatua ya mwisho, nililiacha neno pale msikilizaji alipokuwa analisubiri:

Bado mwana hajarudi, hajafika mlangoni
Bado nangojea hodi, wali umo sahanini
Bado kanzuye ya Idi, imetundikwa chumbani
Njoo basi, we Saidi, nimechoka dirishani

Wali ni wa usiku mmoja. Kanzu ni ya tangu Idi. Kungoja kumerefuka bila kusema "muda mrefu". Na "Njoo" inagonga kwa sababu tu imekaa mahali pa "bado".

Swali: Mwalimu, ukiliacha neno mshororo wa nne, bado ni kikwamba?
Jibu: Kikwamba wengi wetu tunakihesabu kwa neno linalotangulia kila ubeti. Ubeti wa pili ukianza tena na "Bado", umetimiza. Ndani ya ubeti una uhuru.

Swali: Shairi langu lina beti saba. Nirudie mishororo mitatu kila ubeti?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ifikapo ubeti wa tatu sikio limeshajua utaliacha wapi, na "Njoo" yako haitagonga tena. Beti za kati anza na neno mara moja tu, rudisha tatu karibu na mwisho.

Swali: Naweza kuchanganya "bado" na "hadi sasa"?
Jibu: Maana ni karibu, mdundo si huo. Usomapo kwa sauti, "bado" hushuka haraka. "Hadi sasa" hukokota. Shika moja.