SOMO: Kukadiria mgandamizo wa hewa kileleni Kilimanjaro

Swali hili linarudi kila mara, basi naliweka hapa lote. Tunatafuta mgandamizo wa hewa Kilele cha Uhuru, mita 5,895.

1. Usawa wa bahari chukua hektopaskali, yaani hPa, 1013. Hiyo ndiyo P0.

2. Fomula ni hii:

```
P = P0 * exp(-h/H)
H = R*T/(M*g)
```

P ni mgandamizo tunaoutafuta na h ni urefu kwa mita. R, kigezo cha gesi, ni 8.314; M, uzito wa moli moja ya hewa kwa kilo, ni 0.029; g, mvutano wa dunia, ni 9.81.

3. Joto (T). Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Lazima liwe kwa kelvini: ongeza 273 kwenye selsiasi. Ukiweka 27 badala ya 300, utapata hPa 0.6 kileleni, na hapo hakuna mtu angepumua. Kosa la pili linajificha zaidi: kutumia joto la pwani peke yake. Hewa inapoa kadiri unavyopanda, kwa hiyo tafuta wastani wa chini na juu. Pwani nyuzi 27, kileleni tuseme -7. Wastani ni 10, yaani kelvini 283. Ukibaki na 300 utapata 517, namba inayoonekana sawa kabisa, na ndiyo maana watu hawaishtukii.

4. H inatoka mita 8,270. Gawa 5,895 kwa hiyo, upate 0.713. exp(-0.713) ni 0.49. Jibu: kama hPa 497, chini kidogo ya nusu ya pwani.

MASWALI

Mwanachama: Nifanyie na ya Mlima Kenya, Lenana.

Mwandishi: Mita 4,985. Hatua ni zilezile, fanya kisha ulete jibu tulikague.

Mwanachama: Mimi natoa hPa 1 kila mita 8. Si rahisi zaidi?

Mwandishi: Karibu na bahari inafaa. Kwa Uhuru itakupa 276, na ukifika mita 9,000 mgandamizo unakuwa hasi. Hewa ya chini imebanwa na uzito wa iliyo juu yake, ya juu imelegea. Kwa hiyo kila kilomita inapunguza sehemu ileile ya kilichobaki, karibu asilimia 11, na si kiasi kilekile.

Mwanachama: Mkuu, mbona simu inaniandikia 1016 na mimi niko Nairobi?

Mwandishi: Swali zuri sana. Taarifa za hali ya hewa hurekebisha namba hadi usawa wa bahari, ili miji ya milimani ilinganishwe na ya pwani kwenye ramani moja. Hewa halisi hapo ulipo ni kama 830. Simu yenye kihisi cha mgandamizo itakuonyesha hiyo 830. Basi ukitumia fomula hii, usiiweke 1016 kama namba ya Nairobi; hiyo ndiyo P0 yako.

Mwanachama: Kumbe ndiyo maana maharage hayaivi kambini!

Mwandishi: Ndiyo. Kwa hPa 500 maji yanachemka kwenye nyuzi 81 hivi, na kuongeza moto hakuzidishi joto lake. Beba sufuria ya presha, au dengu.