SOMO: Kupanga zoezi la kutoka jengo la ghorofa moto ukizuka, wadeni wa ghorofa na mahali pa kukusanyikia

Naandika mara moja ili nipate pa kuwaelekeza watu, maana naulizwa yaleyale kila mara. Mfano wangu ni jengo la ghorofa nane hapa Mombasa, upande wa Moi Avenue, lenye ngazi mbili: kubwa ya mbele na ya dharura nyuma. Kanuni za kupunguza hatari za moto za 2007 zinadai zoezi angalau mara moja kwa mwaka.

1. Chagua siku ya kazi, saa nne asubuhi, ofisi zikiwa zimejaa.

2. Waarifu zimamoto wa kaunti, kampuni ya ulinzi na majirani.

3. Kila ghorofa wadeni wawili, yaani watu wa kukagua vyumba na kuhakikisha wote wametoka, na wa akiba mmoja. Awepo mwanamke, kwa ajili ya vyoo vya wanawake.

4. Mahali pa kukusanyikia. Someni hapa polepole. Katika jengo hilo watu walikusanyika kwenye maegesho mbele ya mlango mkuu. Wa ghorofa ya kwanza na ya pili walitoka, wakasimama palepale kungoja wenzao, simu mkononi. Mlango ukaziba. Foleni ikarudi ngazini hadi watu wa ghorofa ya sita wakashindwa kushuka. Ungekuwa moto wa kweli, moshi ungewakuta hapo wamesimama. Tena maegesho hayo ndiyo nafasi ambayo gari la zimamoto lingehitaji.

Basi sogeza watu mbali, angalau sawa na kimo cha jengo (ghorofa nane ni kama mita 28), kwa sababu ya vioo vinavyoanguka. Tafuta sehemu mbili, moja kusini na moja kaskazini ya jengo. Kusi ikivuma moshi huelekea kaskazini, kaskazi ikivuma hurudi kusini, hivyo msimamizi huamua siku hiyohiyo. Mlangoni mweke mtu ambaye kazi yake ni moja tu: "Endelea kutembea, usisimame!" Na kama njia inavuka barabara, askari wawili wasimamishe magari na tuktuk kabla watu hawajafika ukingoni.

5. Wadeni huanza chumba cha mbali zaidi na kurudi kuelekea ngazi: vyoo, stoo, chumba cha swala. Kila mlango aufunge bila kutia ufunguo. Nje anaripoti kwa msimamizi: "Ghorofa ya tano, tupu," au "Ghorofa ya tano, stoo haikukaguliwa." Ili kumpima, ficha kadi nyekundu katika chumba kimoja. Akisema tupu na kadi hana, hakukagua.

6. Ziba ngazi moja. Msimamishe mtu ghorofa ya tatu na bango la MOSHI, uone kama watu wanaijua ngazi ya pili.

7. Andika saa ya king'ora, ya mtu wa mwisho kutoka na ya ripoti ya mwisho. Kaeni kikao siku hiyohiyo.

MASWALI

— Sisi tuna maegesho makubwa mbele ya mlango, tutumie hayo?

Soma hatua ya 4.

— Tufanye Ijumaa saa sita na nusu, watu wakiwa wachache na kazi isivurugike?

Hapana. Nusu ya watu wako watakuwa msikitini. Utapima ngazi tupu.

— Shekhe, kwa nini wadeni wakague vyumba? Si tungeita majina tu kule nje?

Swali zuri, dada. Orodha ya majina inakwambia nani hajafika, lakini haikwambii yuko wapi. Mmoja yuko likizo, mwingine ameshuka kunywa chai, na mgeni aliyeingia robo saa iliyopita hayumo kabisa. Zimamoto akifika atauliza: kuna mtu ndani, na ghorofa gani? Ripoti ya wadeni ndiyo inayojibu hilo. Majina iteni baadaye kama ukaguzi wa pili, na mtu wa mapokezi atoke na kitabu cha wageni.

— Mwenzetu anatumia kiti cha magurudumu, yuko ghorofa ya saba. Lifti hairuhusiwi. Tufanyeje?

Kaa naye kwanza umuulize anavyopenda kusaidiwa. Kisha mpe wasaidizi wawili waliokubali, na wa akiba, kwa sababu mmoja atakuwa safarini. Wamfikishe kwenye kituo cha ngazi chenye mlango unaozuia moto, wangoje msururu upite, ndipo wamteremshe kwa kiti maalumu cha kuteremshia. Kama hakipo, wabaki naye, na wadeni aripoti mahali walipo kabla ya jambo lingine lolote. Siku ya zoezi msimteremshe kwa nguvu. Wasaidizi wafanye mazoezi na kiti kitupu.

— Kwetu mlango wa nyuma una kufuli kwa sababu ya wezi. Ufunguo anao keateka.

Ondoeni kufuli kabla ya kufikiria zoezi. Wekeni komeo la kusukuma, linalofunguka kwa ndani bila ufunguo na kwa nje halifunguki.

— Naongezea: kwetu mlango huo una sumaku ya kadi. Umeme ulipokatwa jenereta ikaushikilia, king'ora kikilia.

Asante kwa hilo. Mwambieni fundi aiunganishe sumaku na king'ora, kikilia iachie. Halafu mjaribu jenereta ikiwa imewashwa.