Jinsi ya kuweka kapsheni na maelezo ya sauti kwa vidio ambayo ushaimaliza

Nlikua nimemaliza vidio yangu ya dakika 4 ya mzee wa kahawa huku Mji wa Kale, Mombasa, nimeshaisafisha rangi na sauti, nikawapelekea watu wawili. Jirani yangu asiyesikia akanitumia meseji, "mbona hao wote wa barazani wameinuka ghafla, kuna nini?" Na mjomba wangu, ambae haoni, yeye akauliza, "sasa huyu kalipa au hakulipa?" Maswali mawili na vidio mimi naiona imekamilika kabisa. Basi ntakuonyesha nlivyoyajibu, na kazi yote haikuhitaji kurudi kushuti hata kidogo.

Hatua ya 1: andika kila kinachosikika

Toa kopi ya vidio, ile orijino usiiguse. Fungua Subtitle Edit, ni ya bure, uandike maneno vile yalivyosemwa, mtu akisema "wanidai ngapi" usimrekebishie ikawa "ninadaiwa kiasi gani", si lugha yake hiyo.

Alafu rudi mwanzo usikilize visivyokua maneno. Hapa ndo nlipokosea mara ya kwanza. Watu wa barazani waliinuka kwa sababu imeadhiniwa magharibi, adhana yasikika vizuri sana kwa mbali, lakini mimi sikuiandika kwa sababu haisemwi na mtu yeyote aliye kwenye picha. Asiyesikia aona tu watu wanakimbia kahawa. Vilevile vile vikombe, mzee wa kahawa huvigonganisha ujue kafika, na kwenye vidio watu wageuka kabla hajaonekana. Kwa hivyo sheria yangu ni moja: sauti yoyote inayofanya mtu ageuke, acheke au aondoke, iandike kwenye mabano ya mraba. Feni, pikipiki inayopita, kunguru, hizo wacha. Na usiandike [sauti] peke yake, sauti ya nini?

Hatua ya 2: kata mistari na uipe muda

Mi hutumia mistari 2 tu kwa wakati mmoja, kila mstari usipite herufi 42. Maneno yetu ni marefu so mstari hujaa haraka, kata pale mtu angevuta pumzi, usiache "kikombe" juu na "cha kahawa" chini. Kama msemaji haonekani kwenye picha, mtangulizie jina.

Muda sasa. Mteja kwenye vidio asema sentensi ya herufi 64 kwa sekunde 2.5, yani herufi 25 na kitu kwa sekunde, hakuna mtu atasoma hiyo aone na picha. Mi hulenga 15 hivi, maximum 17. Dawa si kumkatia maneno yake, baada ya kuongea mzee yuamimina kahawa kimya, basi kapsheni inaanza pale pale anapofungua mdomo alafu naivuta iingie kwenye kile kimya mpaka sekunde 4.2. Nikapata hivi:

```
7
00:00:14,200 --> 00:00:16,400
[vikombe vyagongana kwa mbali]

8
00:00:21,300 --> 00:00:25,500
Nipe kahawa chungu na kashata mbili,
lakini kikombe usijaze sana.
```

Angalia zile koma kwenye muda, hiyo ni SRT, aina moja ya faili la kapsheni. Ukitaka VTT ya kuweka kwenye tovuti, koma zinageuka nukta na mstari wa kwanza kabisa uandikwe WEBVTT, bila hivyo haifunguki na utakaa hapo usiku kucha. Sevu kama UTF-8.

Faili likiwa pembeni ndo bora, mtu anaweza kukuza herufi au kuzima. Lakini vidio zetu nyingi huzunguka WhatsApp na huko faili la pembeni halifuati, so kwa kopi hiyo nachoma kapsheni ndani ya picha, kwa amri ya programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i kahawa.mp4 -vf subtitles=kahawa.srt -c:a copy kahawa_kapsheni.mp4
```

Kama kapsheni zimechelewa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, zisukume zote kwa pamoja. Kama mwanzo ziko sawa na zinazidi kuchelewa kadri vidio inavyoenda, basi freimu kwa sekunde za ile kopi uliyotumia si sawa na za vidio yenyewe, ukizisukuma utatibu mwanzo uharibu mwisho.

Hatua ya 3: fumba macho

Sasa maelezo ya sauti, yani kumsemea asiyeona kile kinachoonekana kwenye picha. Cheza vidio yote umefumba macho, kila unapopotea andika dakika. Mi nlipotea mahali 5 pekee. Pale pa mjomba ni hapa: mteja auliza "wanidai ngapi?", kimya, alafu mteja acheka asema "haya, Mungu akulipe." Kichekesho chote kiko kwenye kile kimya, na ni cha sekunde 3.5.

Jaribio langu la kwanza lilikua "Mzee mwenye kofia ya vito anachukua sarafu, anatabasamu kwa ukarimu na kuirudisha mkononi mwa mteja." Refu mno, na ukarimu ni maoni yangu, wacha msikilizaji aamue mwenyewe. Kofia nikaihamishia mwanzo wa vidio ambapo kuna nafasi. Kikabaki: "Anamrudishia sarafu, anamfumba kiganja." Silabi 18, na mi husoma kama silabi 6 kwa sekunde bila kukimbia, so ni sekunde 3, nusu inabaki ya kupumua. Usihesabu maneno kwa Kiswahili, neno moja laweza kua silabi mbili au saba.

Sema kinachotendeka sasa hivi, usitangulie tukio. Maandishi ya kwenye skrini yasome. Kinachosikika chenyewe usikieleze. Na kama hakuna kimya popote na jambo ni la lazima, simamisha picha sekunde chache useme, ndo itabidi vidio iwe ndefu kidogo.

Hatua ya 4: rekodi na uchanganye

Sauti isifanane na ya msimulizi wako. Ya vidio ni yangu, kwa hivyo alisoma dada'ngu, chumbani, godoro limesimamishwa nyuma yake na pangaboi limezimwa, joto la Mombasa unalijua, tukarekodi vipande vipande. Ikabidi turudie viwili kwa sababu ya kunguru.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka sauti ya vidio juu, maelezo treki ya chini yake moja kwa moja. Chagua ile ya juu, utumie Auto Duck, sauti ya vidio itajishusha yenyewe kila dada anapoongea. Zikiwa zimepinduka haifanyi kazi. Eksporti WAV moja nzima alafu:

```
ffmpeg -i kahawa.mp4 -i mchanganyo.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac kahawa_maelezo.mp4
```

Hii iwe toleo lake peke yake, na kwenye jina useme ina maelezo ya sauti.

Hatua ya 5: warudishie walewale

Jirani alinijibu kwa kidole gumba tu. Mjomba alisikiliza mara mbili, pale pa sarafu akacheka, alafu akalalamika kwamba mwanzoni huyu mtoto wa kike anaongea juu ya vikombe, na yeye vikombe ndo anavyovitaka. Kweli, nlikua nimeieleza kofia pale pale mzee anapogonga. Nikaisogeza mbele sekunde moja na nusu, nikamtumia tena.